Hesabu ya Chungu Kimoja

Nilikulia katika nyumba ambamo kila kilichonywewa kilihesabiwa. Baba yangu alikuwa mwalimu wa hesabu, alitoka Kasai akiwa kijana akaja kuwafundisha watoto wa Lubumbashi kugawanya, na hakuruhusu chupa tupu iondolewe kabla mgeni hajaaga. Zilipangwa chini ya kiti cha mnywaji. Mnywaji akitaka kujua hali yake, aliinama akatazama. Tatu ni tatu. Kwa hiyo nilikua nikiamini kwamba mtu aliyesoma hawezi kulewa bila kujua, na kwamba kulewa bila kujua ni ugonjwa wa wale waliotoroka shule. Imani nzuri sana. Ilinifikisha miaka ishirini na saba bila mkwaruzo.

Kisha nikaoa kwa watu wanaokunywa kwenye chungu.

Baba mkwe alikuwa mtu wa reli, Mkatoliki wa kaskazini aliyeshinda maisha yake yote akilalamikia treni zilizochelewa. Mama mkwe anatoka upande wa Sakania, karibu na mpaka, na kutoka huko alikuja na pombe ya ulezi wanayoiita katubi. Ulezi unaoteshwa, unakaushwa, unasagwa, unachanganywa na uji, unaachwa uchache kwenye chungu mpaka unakuwa mzito na mkali. Siku ya kunywa wanaume wanakizunguka chungu, kila mmoja na mrija wake wenye kichujio mwishoni, na mwenye pombe anamimina maji ya moto juu yake. Mnavuta. Pombe ikishuka, anaongeza maji. Mnavuta tena. Ikishuka, anaongeza. Tangu adhuhuri mpaka jua linaelekea kuzama chungu ni kilekile na kimejaa vilevile, na mkiondoka kila mmoja anaapa mbele ya padri kwamba mlikunywa chungu kimoja. Na kweli mlikunywa kimoja.

Mara ya kwanza nilipokiona nilicheka moyoni. Nilisema hii si pombe, hii ni chai ya wazee. Ni ya vuguvugu, ina uchachu, haina povu la kutisha, na haigongi kichwa kama lutuku, ile ya kukenekwa inayochoma koo hata kabla hujaimeza. Mtoto wa mwalimu akaigawanya pale pale: chungu kimoja, wanaume wanne, kila mmoja robo. Robo ya chungu cha maji ya moto. Nilijisikia salama kuliko nikiwa kanisani.

Sasa niseme kazi yangu, maana hapo ndipo utani unapoishia. Naendesha lori kubwa la madini kwenye mgodi mmoja nje ya mji, lile ambalo gurudumu lake moja linanizidi kimo. Ndugu wa mke wangu, mdogo wake wa kiume, naye anaendesha la namna hiyo hiyo, na mimi ndiye niliyemwingiza. Kila alfajiri, getini, mtu wa usalama anakupa kimashine upulize. Kwa sisi wa magari hakuna onyo la kwanza wala barua ya pili. Kikionyesha pombe, hata kidogo, unarudisha kofia na viatu, na jina lako linafutwa siku hiyo hiyo. Hakuna anayelalamika sana. Tulikwisha kuona lori la aina hiyo linaweza kufanya nini na gari dogo.

Muuguzi wa mgodi alikuwa ametufundisha, mimi nikiwa safu ya mbele, nikitikisa kichwa kama mwanafunzi bora. Chupa kubwa moja ya bia, alisema, mwili unahitaji saa tatu, hata nne, kuimaliza. Mbili, zidisha. Kahawa haisaidii, limau halisaidii, kuoga maji baridi kunakufanya mlevi msafi. Ni muda tu. Niliyaandika yote kwenye daftari. Kwa bahati mbaya yote yalikuwa ya chupa.

Jumapili ninayoizungumzia tulikuwa Naviundu, kwa mama mkwe, kumaliza kilio cha baba mkwe aliyetimiza mwaka kaburini. Misa ilipangwa iwe Ijumaa. Padri akapata safari, ikasogezwa mpaka Jumapili. Kila mtu alinung'unika kwa sababu zake: waimbaji, wenye viti vya kukodi, wapishi. Hakuna aliyefikiria chungu, ambacho kilikuwa tayari Ijumaa na hakikuambiwa kwamba padri amesafiri. Kiliendelea na kazi yake siku mbili zaidi, katika joto la Oktoba, chini ya gunia, nyuma ya jiko.

Saa sita mchana tulikaa wanne: baba wadogo wawili wa mke wangu, ambao wote ni wazee wa reli, halafu shemeji, halafu mimi. Mimi na shemeji tulikuwa na zamu kesho yake, geti saa kumi na moja alfajiri. Tulikumbushana, tena kwa sauti ya watu wazima.

«Bofrere, kesho tuko na kazi,» nikamwambia shemeji.

«Ile haiko pombe ya kuogopa,» akanijibu. «Miye nilikomala na ile. Mama alikuwa anatupatia tukiwa batoto, mwisho wa nyungu.»

Mwisho wa chungu, naam, pale ambapo ulezi umekwisha kukamuliwa na maji yanakaribia kuwa maji. Alijifunza pombe ile kutokea mwishoni, akadhani mwanzo wake unafanana. Lakini mimi ni nani wa kumcheka. Nilishika mrija.

Jambo jingine la kueleza ni mama mkwe. Katika familia ile, mkwe wa kiume hasemi na mama mkwe uso kwa uso. Hamtazami, hali naye, hapiti mlango mmoja naye. Kuna karamu ya kufungua njia, akishakupikia hiyo mnaweza kuzungumza, lakini kila mwaka ilisogezwa mbele kwa sababu moja au nyingine. Miaka kumi na moja nilikuwa nikimjua mama mkwe kwa kisigino, maana ndicho nilichokiona akipita nami nikiwa nimeinamisha kichwa. Nilikisifu kisigino hicho mbele ya rafiki zangu: mama asiye na maneno. Wao walikuwa wakilia na mama wakwe zao kwenye simu kila jioni.

Siku hiyo kisigino kilikuja na birika, kikamimina, kikaondoka. Kikaja tena. Sikuhesabu. Ningehesabu nini? Chungu kilikuwa mbele yangu, kimoja, kimejaa. Wazee walianza hadithi ya kichwa cha treni kilichoachwa njiani miaka mingi iliyopita, na kila mara ilipofika pahali pa kucheka tulivuta kwanza, kisha tukacheka. Mrija unafika chini, na chini ndiko pombe nzito inakokaa, maji mapya yakiwa bado juu. Kila birika lilipomiminwa, mimi na shemeji tuliwahi. Tulikuwa vijana wenye mapafu.

Nilijipima, msidhani sikujipima. Nilijipa kichwani hesabu ya kumi na saba mara kumi na tatu, nikapata jibu, nikafurahi. Nikasimama, miguu ikanitii. Nikatamka jina refu la ugonjwa wa mapafu wanaoupata watu wa mgodi, ulimi haukuteleza. Basi mimi ni mzima. Leo najua kwamba mlevi ndiye anayejisahihishia mtihani mwenyewe, na sijapata kuona mlevi aliyejipa sifuri.

Kilichonishtua ni choo. Nilikuwa natoka huko nikifunga mkanda, nikakumbuka kwamba ni mara ya tano. Mtu aliyekunywa robo ya chungu haendi chooni mara tano. Nilisimama pale kando ya ua, saa kumi na moja jioni, na kwa mara ya kwanza tangu adhuhuri nikaogopa. Kutoka hapo mpaka getini zilibaki saa kumi na mbili. Sikujua nimekunywa nini, wala kiasi gani, na mtu mmoja tu katika ua wote ule ndiye aliyejua, na huyo siruhusiwi kumwuliza.

Nilifuata njia ya heshima. Nilimwita mke wangu, nikamtuma: muulize mama pombe ina nguvu gani, na maji ameongeza mara ngapi. Akaenda. Akarudi akifuta mikono.

«Mama anasema mulikunywa nyungu moja tu. Anasema aksanti sana kwa kuja.»

«Sikuuliza kama anashukuru. Nguvu iko ngapi?»

Akaenda tena. Akarudi.

«Anasema iko muzuri. Anauliza kama hamukushiba.»

Mke wangu hakudanganya, na mama yake hakudanganya. Mama mkwe hawezi kumtumia mkwe ujumbe kwamba amekunywa kupita kiasi. Ingekuwa ni kumtukana mbele ya ukoo, tena siku ya kilio. Swali lilikwenda likiwa swali, likarudi likiwa adabu. Ningemtuma mara kumi, ningepokea shukrani kumi.

Kwa hiyo nilifanya jambo ambalo sikujua kama ninaweza kulifanya. Nilizunguka nyuma ya jiko. Mama mkwe alikuwa ameinama kwenye mbabula, akipepea makaa. Nilimpa mgongo. Nikakaza macho kwenye ukuta wa matofali, nikaongea na tofali.

«Mama, munisamehe. Kesho asubui banatupimisha na mashini ku kazi. Kama inaona pombe, banatufukuza. Nataka kujua nilikunywa nini.»

Kupepea kukakoma. Nilingoja anifukuze. Nilifikiri nitasikia mlango, au kilio, au jina la marehemu mume wake likiitwa. Nilichosikia ni birika likiwekwa chini. Naye alikuwa amenipa mgongo, nilijua kwa jinsi sauti ilivyotoka, ikielekea makaa.

«Birika saba,» akasema. «Kila moja litre tatu.»

Tofali langu likaanza kuzunguka kidogo.

«Ile nyungu ilikala siku mbili juu ya siku yake, na jua hii. Nilionja asubui, ikaniuma ku meno. Birika ya kwanza, ya pili na ya tatu, ile njo yenyewe, inapita bia ya chupa. Ya ine inaanza kushuka. Ya saba, unaweza kunawa nayo mikono.»

«Lakini tulikuwa bane, mama. Tukigawanya…»

«Bale bazee babili banashika mirija tu mu kinywa, banasema hadisi. Minawaangalia tangu saa sita. Muliokunywa ni babili.»

Saba mara tatu ni ishirini na moja, toa kidogo ya wazee, gawanya kwa mbili. Hata nilipopunguza kwa ajili ya yale mabirika ya mwisho, sikuweza kuishusha chini ya chupa sita kubwa. Sita mara saa tatu, tena nikichukua ile hesabu ya huruma, ni kumi na nane. Kutoka saa sita mchana mpaka saa kumi na moja alfajiri ni kumi na saba. Na nikichukua saa nne ya muuguzi, ningekuwa msafi adhuhuri ya Jumatatu. Mama huyu, ambaye hakukaa darasani hata miaka mitatu, alikuwa ameweka kichwani kila birika, nguvu yake, na kinywa kilicholinywa. Mimi mwenye daftari nilikuwa nimehesabu chungu.

«Na haiishake na kulala,» akaongeza, bado kwa makaa. «Kesho usiende. Mwambie shefu yako leo, jua likingali.»

Nikamshukuru mgongoni. Nikatoka.

Shemeji alikuwa bado amekaa chunguni, anavuta birika la saba, lile la kunawia mikono, akiwa na uso wa mtu asiye na deni na dunia. Wazee walikuwa kando yake, na watu wa ukoo wamejaa ua. Nilikaa. Nilisema, na haya ndiyo maneno yangu yote, ninayakumbuka kwa sababu yalikuwa machache:

«Bofrere, tuache. Inatosha.»

«Nyungu moja tu, bofrere. Uko na moyo ya kuku.»

Wazee wakacheka. Nilikuwa na hesabu yote mdomoni: birika saba, siku mbili za ziada, watu wawili si wanne. Ilitaka sentensi moja tu. Lakini angeuliza nimeitoa wapi, mbele ya baba wadogo wawili, na ingenibidi nijibu kwamba nimezungumza na mama yake nyuma ya jiko, siku ya kumaliza kilio cha baba yake, kabla ya karamu ya kufungua njia. Nikaona uso wangu utakavyoanguka. Nikaona heshima yangu ya miaka kumi na moja. Nikajiambia kwamba ni mtu mzima, ana akili zake, ni pombe ya mama yake mwenyewe, na kama ana shaka jiko liko hatua kumi, yeye hakatazwi kuingia. Nikajiambia mambo mengi yenye mantiki. Nilikuwa na pombe ya kutosha kuyaamini.

Nilimpigia shefu nikiwa njiani kurudi kwangu Hewa Bora. Nilimwambia kweli: kilio, pombe ya kienyeji, sitakuwa msafi kufika asubuhi. Akaniuliza kama ninadhani mgodi ni baa ya mjomba wangu. Nikasema hapana, shefu. Akasema niandikwe sikuja, nirudi Jumanne, na nisimzoeshe. Nilikata simu nikajiona shujaa. Nilimsimulia mke wangu jinsi nilivyo mwangalifu. Hata yeye sikumwambia aliyenihesabia.

Shemeji aliamka saa tisa usiku. Haya nimeyapata baadaye. Akaoga maji ya kisima, akanywa kahawa nyeusi vikombe viwili, akatafuna limau na maganda yake, akatafuna karanga mbichi. Alipanda basi la kazi akiwa ananukia vizuri kuliko sisi wote. Alijisikia mwepesi. Getini akapuliza, kimashine kikakataa. Wakamweka pembeni kwenye benchi, wakangoja robo saa kama sheria inavyotaka, akapuliza tena. Akawaambia alikunywa chungu kimoja tu, tena watu wanne. Mtu wa usalama, nasikia, alimhurumia kweli. Kisha akamwomba kofia.

Ana watoto watatu, na wa nne alikuwa njiani.

Tulifika Naviundu Jumatatu hiyo mchana, mke wangu akilia tangu nyumbani. Viti vya kukodi vilikuwa bado uani, vimerundikwa. Shemeji alikuwa amelala ndani na mlango umefungwa, hataki kuona mtu. Nilikaa kwenye kiti kimoja, nikainamisha kichwa kama kawaida, nikingoja visigino vipite.

Havikupita. Vilisimama mbele yangu, kisha vikageuka, vikawa vidole. Nikainua macho. Alikuwa ananitazama usoni, mama mkwe wangu, mwanamke mwembamba mwenye makovu madogo kwenye mashavu ambayo sikujua kuwa anayo. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi, maana hasira ningeijibu.

«Kwa yeye sikuweza kusema kitu,» akasema. «Ni mutoto wangu, nikimwambia mbele ya baba zake aache, angekunywa zaidi. Nilikuona unakuja nyuma ya jiko, nikasema Mungu ametuma mutu. Nilikupa hesabu ya batu babili, mukwe. Yake ulimupatia?»

Mke wangu aliacha kulia akanigeukia, akanitazama mimi, akamtazama mama yake anayezungumza nami, na nikaona anaanza kuelewa. Mama mkwe alikuwa bado amesimama pale, anangoja jibu.